Mwongozo kamili wa kuhifadhi picha zisipotee simu na kompyuta zinapobadilika

Watu wengi wanaojaribu kuhifadhi picha za familia hukwama kwa makosa yaleyale. Mmoja anabadilisha jina la faili kutoka `.heic` kuwa `.jpg` akidhani ameibadilisha picha yenyewe. Mwingine anajitumia picha kwa WhatsApp ili azihamishe kwenye kompyuta, kumbe kinachofika ni kivuli cha picha: upande mrefu umeshuka hadi takriban pikseli 1600 na tarehe ya kupigwa imefutwa. Wa tatu anachomeka simu kwa kebo, ananakili anachokiona, halafu anaiuza simu. Baadaye anagundua kwamba nusu ya picha zilikuwa mtandaoni tu.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: picha 3,000 zilizopigwa kwa iPhone na picha 200 za karatasi kutoka albamu ya nyumbani. Mwenye simu ya Android atafuata hatua zilezile. Pale zinapotofautiana tumeonyesha.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kompyuta yenye nafasi tupu ya GB 60. Windows, Mac au Linux, yoyote inafaa.
- Diski mbili za nje, si moja iliyogawanywa mara mbili. Ni vizuri zikiwa za watengenezaji tofauti, kwa sababu diski za toleo moja zilizonunuliwa siku moja zinaweza kuharibika kwa kukaribiana.
- Kebo ya simu inayopitisha data. Kebo nyingi za bei ya chini hupitisha chaji tu.
- Programu mbili za bure: ExifTool, inayosoma taarifa zilizo ndani ya picha, na ImageMagick, inayobadilisha aina ya faili.
- Skana ya kulaza karatasi, kama una picha za albamu.

Ukinunua flashi au kadi ya memori, ipime kabla ya kuiamini. Zipo bandia zinazojitangaza kuwa za GB 512 na ndani zina GB 16. Ukishapita kiwango cha kweli, majina ya mafaili yanaendelea kuonekana lakini ndani hamna kitu. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, huijaza flashi yote kisha huisoma tena na kukuambia ukubwa wake halisi. Ipime ikiwa tupu.

## Aina zipi za mafaili hudumu

Aina ya faili hudumu ikiwa na sifa tatu: maelezo yake yako wazi kwa yeyote anayetaka kuandika programu ya kuisoma, hakuna anayedai malipo kwa kuitumia, na tayari inatumiwa na watu wengi mno kiasi kwamba hakuna mtengenezaji anayethubutu kuiacha. Photo CD ya Kodak, iliyotoka 1992, ilikuwa na ubora mzuri, lakini maelezo yake kamili hayakuwekwa hadharani. Kodak ilipoiacha, wenye diski hizo walibaki kutafuta programu chache zinazoweza kuzifungua. JPEG ilisanifiwa mwaka huohuo, na leo hata simu ya bei ya chini kabisa inaifungua.

JPEG ndiyo salama kuliko zote kwa picha za simu. Udhaifu wake ni kwamba inabana kwa kutupa sehemu ya taarifa, na kila unapoihariri na kuihifadhi upya inatupa tena. Kuifungua na kuitazama hakuiharibu, hata ukiifungua mara elfu.

TIFF ndiyo ya picha za skana. Toleo lake la 6.0 la mwaka 1992 bado ndilo linalotumika, na maktaba kubwa na nyaraka za taifa huitegemea. Haipotezi kitu, ila ni nzito.

PNG nayo haipotezi kitu na iko wazi tangu 1996. Inafaa kwa picha za skrini, michoro na risiti. Picha ya kamera ikiwekwa kwenye PNG inakuwa kubwa bila faida yoyote.

HEIC ndiyo inayotumiwa na iPhone tangu 2017. Ubora wake ni mzuri na faili lake ni karibu nusu ya JPEG. Tatizo ni kwamba namna yake ya kubana, HEVC, imezungukwa na hataza za makampuni mengi. Ndiyo maana Windows inaweza kukudai uongeze programu ya ziada, nyingine ya kulipia, kabla ya kuifungua. Haifi kesho, lakini usiiache iwe nakala yako pekee.

RAW za kamera kubwa, yaani mafaili ghafi ambayo kamera haijayachakata, kama `.NEF`, `.CR3` na `.ARW`, kila mtengenezaji ana yake. Zihifadhi kama zilivyo, na kando ya kila moja weka JPEG ya ukubwa kamili. Ukitaka RAW iliyo na maelezo wazi, ibadilishe kuwa DNG, ambayo Adobe iliitoa 2004, lakini usifute ya asili.

Kanuni tutakayotumia hapa chini ni hii: faili la asili halifutwi wala halihaririwi; nakala ya JPEG inakaa kando yake.

## Hatua ya 1: Hakikisha picha kamili ziko kwenye simu

Kwenye iPhone fungua `Settings`, kisha `Photos` (kwenye matoleo mapya iko ndani ya `Apps`). Ukikuta `Optimize iPhone Storage` imechaguliwa, simu inaweza kuwa imebakiza vijipicha tu, huku picha kamili ziko iCloud. Chagua `Download and Keep Originals`, iunganishe simu na chaja na mtandao usiolipiwa kwa MB, uiache usiku mzima. Kama simu haina nafasi ya kutosha, pakua picha zako kupitia `privacy.apple.com` ukiwa kwenye kompyuta.

Kwenye Android, kama umewahi kubonyeza `Free up space` ndani ya Google Photos, picha za zamani zimeshaondolewa kwenye simu. Hizo utazipata kupitia `takeout.google.com`. Zitakuja ndani ya mafaili ya zip, na pembeni ya picha kutakuwa na mafaili ya `.json`. Usiyafute. Kama uliwahi kurekebisha tarehe au kuandika maelezo ya picha ndani ya Google Photos, marekebisho hayo yako humo, hayamo ndani ya picha.

Utajua umefaulu ukizima data na Wi-Fi, ukafungua picha ya miaka mitatu iliyopita, ukaikuza, na bado sura za watu zikaonekana vizuri. Ikibaki na ukungu, picha kamili haiko kwenye simu.

## Hatua ya 2: Hamisha kwa kebo bila simu kubadilisha kitu

Papo hapo kwenye `Photos`, shuka chini hadi `Transfer to Mac or PC`, uchague `Keep Originals`.

Hapa ndipo wengi hukwama. Ukiacha `Automatic`, simu hujaribu kuigeuza kila HEIC kuwa JPEG wakati Windows inaendelea kuisoma. Simu ikichelewa, Windows hukatisha kazi na kuandika `A device attached to the system is not functioning`. Mtu hununua kebo mpya, hubadilisha tundu la USB, na kosa linabaki. Ukiweka `Keep Originals` simu haigeuzi chochote, inatoa faili kama lilivyo.

Tengeneza folda ya `ASILI` kwenye kompyuta na unakili humo folda zote za `DCIM`. Nakili, usihamishe kwa kukata: umeme ukikatika katikati ya kukata, hutajua kipi kimefika na kipi hakikufika.

Utakutana na mafaili ya ajabu, na yote yana maana. `IMG_2041.MOV` yenye jina moja na `IMG_2041.HEIC` ni zile sekunde chache za mwendo wa picha hai, ambayo iPhone huiita `Live Photo`. `IMG_E2041` ni picha uliyoihariri. `IMG_2041.AAE` ni orodha ya marekebisho uliyofanya, ambayo nje ya vifaa vya Apple haina msaada. Yaache yote ndani ya `ASILI`.

Utajua umefaulu ukilinganisha idadi ya picha kwenye simu na idadi ya mafaili ya picha kwenye kompyuta. Idadi ya kompyuta inaweza kuzidi kwa sababu ya yale ya `IMG_E`. Ikipungua, rudi Hatua ya 1.

## Hatua ya 3: Jua kila faili ni la aina gani hasa

Herufi tatu au nne za mwisho wa jina ni lebo tu. Kuandika `.jpg` juu ya faili la HEIC ni kama kubandika karatasi ya sukari kwenye mkebe wa chumvi. Simu iliyo na programu ya HEIC italifungua bila kulalamika, nawe utadhani mambo yako sawa mpaka siku utakapolipeleka kwenye kompyuta nyingine.

ExifTool huangalia ndani ya faili. Ukiwa kwenye folda iliyobeba `ASILI`, andika:

```
exiftool -r -T -FileName -FileType -DateTimeOriginal ASILI > orodha.txt
```

Fungua `orodha.txt`. Safu ya pili ni aina ya kweli na ya tatu ni tarehe ya kupigwa. Ukiona jina linaishia `.jpg` na pembeni pameandikwa `HEIC`, lirudishie jina lake sahihi. Ukiona kistari `-` mahali pa tarehe, picha hiyo haina tarehe ndani yake, na mara nyingi ni ile iliyopitia WhatsApp. Mtafute aliyekutumia wakati bado anayo ya asili, na mwombe aitume kama hati, si kama picha, maana hati haibanwi.

## Hatua ya 4: Tengeneza nakala za JPEG

Kusanya nakala za mafaili ya HEIC ndani ya folda moja iitwayo `HEIC`, tengeneza folda nyingine tupu iitwayo `JPG`, kisha andika:

```
magick mogrify -path JPG -format jpg -quality 95 HEIC/*.HEIC
```

Sehemu ya `-path JPG` ndiyo inayoelekeza nakala mpya kwenye folda nyingine, kwa hiyo usiisahau. Ubora wa 95 umechaguliwa kwa sababu hasara yake haionekani kwa macho. Ukipanda hadi 100 faili linanenepa sana bila faida unayoweza kuiona. Ukishuka hadi 75 anga na ngozi za watu huanza kuonyesha vijimraba.

Angalia mambo mawili kabla ya kuendelea. Kwanza, herufi kubwa na ndogo: kwenye Mac na Linux, `*.HEIC` inaweza isiyaone mafaili yanayoishia `.heic`, kwa hiyo hesabu kilichotoka. Pili, fungua picha tano zilizopigwa simu ikiwa imesimama wima. Baadhi ya matoleo ya programu huizungusha picha na kuacha ndani yake agizo la kuizungusha tena, ikatoka imelala ubavu. Ikitokea, weka toleo jipya la ImageMagick na urudie. Za asili hazijaguswa.

Kwa mfano wetu, picha 3,000 za HEIC zenye MB 2 kila moja ni GB 6. Nakala za JPEG zikifika MB 5 kila moja ni GB 15. Ndiyo, umelipa nafasi ya ziada, lakini sasa kila picha iko katika aina mbili.

Ili usiurudie mzunguko huu kila mwaka, kwenye iPhone nenda `Settings`, `Camera`, `Formats`, uchague `Most Compatible`. Kuanzia hapo simu itapiga JPEG. Simu nyingi za Samsung nazo zina swichi ya `High efficiency pictures` kwenye mipangilio ya kamera, izime.

## Hatua ya 5: Picha za albamu

Futa vumbi kwenye kioo cha skana kwa kitambaa kikavu laini. Vumbi dogo kwenye kioo litatokea kwenye picha zote 200.

Weka dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, rangi za biti 24, na aina ya faili TIFF, hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, maana rangi ya karatasi iliyozeeka nayo ni sehemu ya picha. Zima marekebisho yote ya rangi ya programu ya skana. Kupendezesha utafanya baadaye kwenye nakala.

Picha ya sentimita 10 kwa 15 itatoa takriban pikseli 3600 kwa 2400. Kila pikseli huchukua baiti 3, kwa hiyo faili moja ni karibu MB 26, na picha 200 ni karibu GB 5.2. Geuza pia karatasi na uskani nyuma kama kuna maandishi. "Mombasa, Idi, 1984" iliyoandikwa kwa mkono wa bibi ni taarifa ambayo hakuna programu itakayoweza kuirudisha.

TIFF isiyobanwa ina faida nyingine. Baiti moja ikiharibika kwenye eneo la picha, unapoteza nukta moja. Kwenye JPEG kila kipande cha rangi huandikwa kama tofauti na kipande kilichotangulia, kwa hiyo kosa moja dogo linaweza kubadilisha rangi za kila kilichofuata, na faili lililokatika njiani huonyesha nusu ya chini ya kijivu.

## Hatua ya 6: Weka alama za ukaguzi

Kijipicha kinachoonekana kwenye folda si ushahidi kwamba picha ni nzima. Ndani ya JPEG nyingi za kamera kijipicha hukaa sehemu yake peke yake, kwa hiyo kinaweza kung'aa wakati picha kubwa imeoza.

Ushahidi ni alama ya SHA-256: mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutoka kwenye faili zima. Ikibadilika biti moja, alama inabadilika kabisa. Kwenye Linux, ukiwa ndani ya folda yenye picha zote:

```
find . -type f ! -name alama.txt -exec sha256sum {} + > alama.txt
```

Kwenye Mac weka `shasum -a 256` mahali pa `sha256sum`. Kwenye Windows sakinisha 7-Zip, bofya folda kwa kitufe cha kulia, fungua `CRC SHA`, kisha chagua mstari wa SHA-256 unaotengeneza faili la `.sha256`.

Fanya hivi ukishamaliza kupanga folda na majina. Ukibadilisha jina baadaye, ukaguzi utakuambia faili limepotea. Kwa majina, tumia mwaka kwanza, kama `2019-08-14_Tanga_harusi_001.jpg`, ili yajipange yenyewe. Epuka nukta mbili, mikwaju na emoji, kwani mifumo mingine huyakataa majina hayo wakati wa kunakili.

## Hatua ya 7: Nakala tatu

Fomati diski zote mbili kwa exFAT zikiwa bado tupu, maana kufomati hufuta kila kitu. Windows, Mac na Linux za sasa zote huisoma. FAT32 nayo inasomeka kila mahali, lakini haikubali faili la GB 4 au zaidi, na video ndefu ya harusi hupita hapo kirahisi. Udhaifu wa exFAT ni kwamba haivumilii kuchomolewa ghafla. Kila mara toa diski kwa kuiambia kompyuta kwanza. Panapokatika umeme mara kwa mara, nakili kwa kompyuta ndogo yenye betri.

Nakili folda nzima pamoja na `alama.txt` kwenye diski ya kwanza. Itoe, ichomeke upya, ingia kwenye folda yake, kisha:

```
sha256sum -c --quiet alama.txt
```

Ikinyamaza bila kuandika kitu, kila faili ni sawasawa na la kompyuta. Ikiandika `FAILED`, nakili upya faili hilo. Yakiwa mengi, shuku kebo au diski yenyewe. Kwenye Mac tumia `shasum -a 256 -c alama.txt` na uangalie kama kuna `FAILED`. Kwenye Windows bofya faili la `.sha256` kwa kitufe cha kulia, `CRC SHA`, `Test Archive`. Rudia kwa diski ya pili.

Nakala ya kwanza ibaki kwenye kompyuta, ya pili iwe diski ya nyumbani, ya tatu ikae nyumba nyingine: kwa ndugu wa mji mwingine, kwa mfano, ili mwizi au moto mmoja usizifikie zote. Pwani, penye unyevu na chumvi, ifungie kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, mbali na dari la bati.

Akaunti ya mtandaoni ni nyongeza nzuri, lakini ina masharti. Google inaweza kufuta akaunti ambayo haijatumiwa kwa miaka 2, pamoja na picha zake, na nafasi ya bure ni GB 15 inayogawanywa na barua pepe. Flashi na diski za SSD nazo zisikae kabatini miaka mingi bila umeme zikiwa nakala pekee, kwani hutunza data kwa chaji ndogo inayovuja taratibu.

## Hatua ya 8: Ukaguzi wa kila mwaka

Chagua tarehe moja na uiandike juu ya diski zenyewe. Siku hiyo chomeka diski ya kwanza, endesha ukaguzi wa `alama.txt`, kisha diski ya pili. Faili likikataa kwenye moja, chukua lililo zima kutoka nyingine. Hapa ndipo alama zinapolipa, kwa sababu bila hizo hujui kati ya nakala mbili ni ipi iliyoharibika, na unaweza kuifuta iliyo nzima.

Diski ya kuzunguka ikifikisha miaka 5, nunua nyingine hata kama ya zamani inafanya kazi, nakili, kagua, na ile ya zamani iwe nakala ya nne. Ukisikia sauti ya kugongagonga ndani yake, usingoje tarehe.

Mwisho, tafuta kifaa kipya ambacho hujawahi kukitumia, labda simu mpya ya mtoto au kompyuta ya ofisi. Weka humo mafaili 10: JPEG, TIFF, PNG, HEIC na RAW kama unazo, ya miaka mbalimbali. Aina itakayofunguka bila kuongeza programu yoyote, iache hadi mwaka ujao. Itakayokudai programu ya ziada, ibadilishe yote mwaka huohuo kwa njia ya Hatua ya 4, wakati programu hiyo bado inapatikana, kisha tengeneza `alama.txt` mpya na uinakili kwenye diski zote mbili.